Herufi moja, maana mbili: tuyafunze masikio kabla ya ndimi

 

Ndugu msomaji, aya ya kwanza ya Suratul Alaq inamsifu Mola kwa neno moja fupi: khalaqa, yaani ameumba. Mtoto wa Kiswahili analisoma neno hilo tangu angali mdogo, na aghalabu ndimi zetu hulifanyia mambo mawili kwa mpigo. Kha inalainika ikawa ha, kama tulivyoilainisha khabari ikawa habari. Qafu nayo inasogea mbele ikawa kafu, kama tulivyoifanya qalam kuwa kalamu. Matokeo yake ni halaka. Halaka ni neno kamili la Kiarabu, na limo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika aya ya 29 ya Suratul Haaqqa, ambapo mtu aliyepewa kitabu chake kwa mkono wa kushoto analia kwamba madaraka yake yamemtoweka. Maana yake ni kuangamia. Nasi Waswahili tunalo hadi leo katika kitenzi chetu kuhiliki. Basi palipokusudiwa kutajwa Aliyeumba, ulimi umetamka aliyeangamia. Subhanallah!

Na si hilo tu. Msomaji mwingine anajua kwamba pale pana herufi ya kooni, ila anakosea koo lenyewe. Anatamka ha nzito, ile ya neno Muhammad, na qafu yake ni sahihi. Sasa neno limekuwa kitenzi cha kunyoa nywele. Nalo hili shina lake limo katika Msahafu, aya ya 27 ya Suratul Fat-h, wanapotajwa mahujaji walionyoa vichwa vyao. Maneno matatu, kuumba, kunyoa na kuangamia, yamekaa jirani mno, na katika sikio lisilozoea yote matatu husikika mamoja. Hapo ndipo penye mada yetu ya leo.

Gazeti halina herufi zote za Kiarabu, hivyo tukubaliane na msomaji. Tutaandika h moja kwa ha laini, iliyomo katika jina Allah, na hh kwa ha nzito, iliyomo katika neno hhamdu. Kha tutaiandika kh, ghaini gh, na tutatenga q na k. Irabu ndefu tutazirudufu. Kwa hiyo wale majirani watatu ni khalaqa, hhalaqa na halaka.

Kwa nini herufi hizi zitutaabishe sisi, tulioazima maneno mengi hivyo kutoka Kiarabu? Jawabu ni kwamba tuliyaazima maneno tukaziacha sauti zake mlangoni. Tazama h yetu moja inavyobeba mizigo ya herufi tatu. Hewa ilikuja na ha laini. Haki, hali, hisabu na hekima zilikuja na ha nzito. Habari, hofu, hatari na hatua zilikuja na kha. Mtoto anayazungumza maneno hayo yote kwa h ile ile, na akili yake, tangu hajatimiza miaka miwili, imejifunza kwamba tofauti baina yake haina kazi. Vivyo hivyo kaburi lilikuja na qafu, na kiburi kikaja na kafu, nasi tunayatamka sawasawa. Ghaini ilinusurika kwa wengi wa pwani na visiwani katika lugha, ghali na ghafla, ilhali wengi wa bara huifanya g ya kawaida, wakasema luga na gali.

Wapo wanaosema kwamba koo letu halikuumbwa kwa herufi hizi. Hilo si kweli, na ushahidi hauko mbali. Wairaqw wa Mbulu na Karatu wanayo ha nzito katika lugha yao ya mama, na wanaiandika kwa hh kama tunavyoiandika hapa. Wasomali wanayo ha nzito, kha na qafu. Wakikuyu, wanapotamka g ya lugha yao, wanatoa sauti iliyo jamaa wa karibu wa ghaini. Koo ni lile lile, na kilichotofautiana ni mazoea ya sikio. Mtoto aliyelelewa akisikia sauti mbili kama sauti moja hawezi kuzitenganisha kwa ulimi, hata ustadhi akimwonyesha makharija ya herufi mara mia.

Na hapa, pamoja na heshima zetu zote kwa walimu wa madrasa, tuna la kusema. Desturi iliyoenea ni kumhifadhisha mtoto majina ya makharija na sifa za herufi. Atakwambia bila kusita kwamba koo lina makharija matatu. Ndani kabisa ni hamza na h. Katikati ni aini na hh. Karibu na kinywa ni gh na kh. Amepata alama zote. Kisha anafungua Juzuu Amma na kusoma halaka. Elimu hiyo ni tukufu, nayo imetufikia kutoka kwa maimamu wakubwa kama Ibn Al-Jazari, aliyefariki mwaka 833 Hijria, lakini imempita mtoto huyu juu ya sikio. Yeye anahitaji kwanza kusikia kwamba vitu ni viwili.

Njia ya kumsikizisha ni jozi za maneno, yaani maneno mawili yaliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa herufi moja, na herufi hiyo ndiyo inayobadilisha maana. Zoezi linafanyika nyumbani kwa dakika kumi, wala halihitaji fedha. Mzazi anachukua jozi moja tu, mathalani qalb, ambayo ni moyo, na kalb, ambayo ni mbwa. Anachora moyo kwenye kikaratasi kimoja na mbwa kwenye kingine. Anaziba mdomo wake kwa kitabu, ili mtoto asitazame midomo, kisha anatamka neno moja, na mtoto anaonyesha kikaratasi. Maneno yawe ishirini, kumi ya huku na kumi ya huku, yakichanganywa ovyo. Yasipokezane moja baada ya jingine, kwa sababu mtoto mwerevu atagundua zamu na kujibu bila kusikiliza. (Watacheka kwa sababu ya mbwa. Waacheni wacheke.)

Kisha hesabuni. Jambo hili wazazi wengi hawalitilii maanani, nalo ndilo kipimo chenyewe. Tuseme mtoto wa miaka minane amepata 17 kati ya 20 kwa qalb na kalb, lakini kwa jozi ya h na hh amepata 11. Mama anafurahi kwamba amevuka nusu. La hasha. Penye majibu mawili tu, hata aliyefumba masikio atapata kumi hivi kwa kubahatisha. Kumi na moja maana yake mtoto hasikii tofauti kabisa, na kumtaka aitamke ni kumwonea. Akifika 18 katika siku mbili tofauti, sikio limefunguka, na hapo ndipo zamu ya ulimi. Kabla ya hapo msimsahihishe matamshi. Zidini kumsomea.

Itaulizwa: na mzazi ambaye yeye mwenyewe hazitenganishi? Wengi tuko hivyo. Basi asome mwingine. Sheikh Mahmuud Khaliil Al-Husary wa Misri, ambaye usomaji wake wa murattal uliokamilika mwaka 1961 ulikuwa wa kwanza wa Qur'ani nzima kurekodiwa, anasifika kwa kuipa kila herufi haki yake, na sauti yake inapatikana leo katika simu za wengi wetu. Jina lake lenyewe ni zoezi: hh katika Mahhmuud, kh katika Khaliil, na hh tena katika Al-Hhusary. Mzazi anatafuta khalaqa katika Suratul Alaq, kisha halaka katika Suratul Haaqqa, anayarudia mahali hapo mara kadhaa, na wote wawili, mzazi na mtoto, wanajifunza pamoja.

Katika kusikiliza, kuna siri moja inayorahisisha kazi: usiisake herufi peke yake, isikilize irabu iliyo pembeni yake. Wanachuoni wa tajwidi wamezitaja herufi saba za istiilaa, ambazo nyuma ya ulimi huinuka wakati wa kuzitamka, na q, kh na gh ni miongoni mwake. Kwa hiyo a ya qalb ni nene, inaelekea kujaza kinywa, na a ya kalb ni nyembamba. Kadhalika khalaqa huanza kwa a nene, hhalaqa kwa a nyembamba. Mtoto asiyeisikia qafu yenyewe huisikia irabu yake, na kwa kupitia irabu huifikia herufi. Lakini siri hii haitusaidii kwa h na hh, kwa kuwa zote mbili ni nyembamba. Ndiyo maana jozi hiyo huchukua siku nyingi kuliko nyingine, na mzazi asishangae.

Tuje kwenye ulimi. Kwa qafu, mwambie mtoto atamke kiti, kisha kuku. Atahisi k ya kuku imerudi nyuma kidogo kuliko ya kiti. Sasa arudi hatua nyingine, mpaka mzizi wa ulimi uguse juu, karibu na kilimi. Kufungua kinywa kama apigaye mwayo husaidia, kwa sababu ulimi unakosa nafasi ya kwenda mbele. Kipimo chake ni kiganja mbele ya mdomo. Kafu yenye sukuni hutoa pumzi inayosikika kiganjani, na qafu yenye sukuni haitoi pumzi, bali hudunda, nayo ndiyo qalqala. Vitabu vinaihesabu qafu katika herufi za jahr, lakini tusimwambie mtoto aweke vidole shingoni kutafuta mtetemo wa qafu. Hataupata, na atadhani amekosea.

Vidole shingoni ni kwa ajili ya kh na gh. Hizo ni ndugu wawili wa mahali pamoja, kama s na z, au f na v. Atamke kh ndefu bila kukata, kama akoromaye, kisha awashe sauti ndani yake, na shingo itatetemeka chini ya vidole: hiyo ni gh. Aliyezoea kusema gali atajipima kwa kurefusha. G haivutiki, hukatika papo hapo, na gh huvutika muda wote wa pumzi. Jozi zake ni ghayr na khayr. La kwanza ni isiyokuwa, nalo limo katika aya ya mwisho ya Fatiha. La pili ni heri. Asiyewasha sauti amegeuza isiyokuwa kuwa heri, mahali panapotajwa waliokasirikiwa. Jozi nyingine ni ghafuur, Mwingi wa kusamehe, na kafuur, mwingi wa kukufuru neema, sifa aliyopewa mwanadamu katika aya ya 66 ya Suratul Hajj. Msomaji na apime mwenyewe umbali ulio baina ya sifa hizo mbili.

Ha nzito ndiyo ngumu kuliko zote. Mfundishe mtoto kupuliza miwani kana kwamba anataka kuifuta. Hiyo bado ni h laini. Sasa abane koo katikati, chini ya kilimi na juu ya kifua, mpaka pumzi ile ile ikwaruze kama ya mtu aliyemeza uji wa moto. Hiyo ni hh. Vipimo ni viwili. Kwanza, h laini humaliza pumzi upesi kwa sababu njia iko wazi, na hh hudumu zaidi. Pili, kilimi kisitikisike. Pakisikika mkoromo hata kidogo, hiyo imekuwa kh, na ndivyo wanavyokosea wale wanaosema alkhamdu wakidhani wameipa herufi uzito wake. Zoezi la kuzitenganisha mbili hizo ni hhimaar, punda, na khimaar, mtandio wa mwanamke. Wingi wake pia umo katika Qur'ani: humo mna khumur katika aya ya 31 ya Suratun Nuur, pale wanawake wanapoamrishwa kuteremsha mitandio yao, na hhumur katika aya ya 50 ya Suratul Muddaththir, punda waliokurupuka. Kwa h na hh, chukueni haamida, ambayo ni ardhi iliyokufa kwa ukame katika aya ya 5 ya Suratul Hajj, na hhaamida, mwanamke mwenye kuhimidi.

Katika zamu hii ya ulimi majukumu yanageuka. Mtoto ndiye anayetamka, na msikilizaji ndiye anayeonyesha kikaratasi. Mtoto asijisifu mwenyewe kwamba amesema moyo. Ikiwa dada yake aliyeketi upande wa pili ameinua mbwa, basi alichotamka ni mbwa.

Kuna ugonjwa unaofuata mafanikio, nao ni wa kutazamwa. Mtoto aliyefurahia qafu yake mpya huanza kuitia kila mahali. Iyyaaka inakuwa iyyaaqa, maaliki inakuwa maaliqi, na ihdinaa, ambayo h yake ni laini, inakuwa ihhdinaa. Hata takbiri haisalimiki. Akbar ikitiwa qafu inakaribia aqbara, kitenzi cha kutia kaburini kilichomo katika aya ya 21 ya Surat Abasa. Kwa hiyo jozi zisiachwe siku ile qafu inapopatikana. Ziendelee wiki mbili au tatu, na safari hii kafu na h laini ndizo zihesabiwe zaidi.

Halafu herufi zirudishwe nyumbani kwake, katika sala. Fatiha pamoja na Bismillahi ina hh mara tano na h mara tano, hivyo hakuna mahali bora pa kuzipambanua. Ina q moja, katika mustaqiim, na gh mbili. Kha haimo, ni miongoni mwa herufi saba zisizopatikana katika sura hiyo. Kwa sababu hiyo kha itafutwe katika Suratul Alaq. Suratul Ikhlaas nayo inaanza kwa qul, sema, ambayo kwa kafu ingekuwa kul, kula. Neno la pili lina h laini, na neno la mwisho la aya hiyo lina hh. Lakini adabu moja izingatiwe: maneno ya jozi yafanyiwe mazoezi yakiwa peke yake, kwenye vikaratasi, wala neno lisilo lake lisipachikwe ndani ya aya kwa ajili ya mfano. Ndani ya aya litamkwe lililo sahihi tu.

Kuhusu hukumu, wanachuoni wameliita badiliko la herufi kuwa ni lahni ya wazi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyoenea pwani yetu, Fatiha ni nguzo ya sala, na mwenye kubadilisha herufi yake ilhali anaweza kujifunza hakusamehewa kama anavyosamehewa asiyeweza. Bibi mzee ambaye ulimi wake umekwisha kukomaa na amejitahidi asitiwe hofu kwa maneno haya, na wala vijana wasimkosoe mbele za watu. Mazungumzo yetu ni na anayeweza.

Na katika wanaoweza, wa kwanza ni yule anayesimama mbele ya safu. Tungependa kamati za misikiti, zinapomteua kijana wa kusalisha tarawehe, zimpe vikaratasi hivyo hivyo vya watoto. Asome maneno ishirini nyuma ya pazia, na watu watatu wanaojua waandike kila mmoja kwa siri neno alilolisikia. Wakiandika khalaqa wote watatu, apewe nafasi. Wakitofautiana, apewe mwezi mmoja wa mazoezi na ajaribiwe tena kabla ya mwandamo wa Ramadhani.